Ziwani Hatukupiga Kelele

Shairi la kwanza nililosoma jukwaani lilimtoa mama mmoja ukumbini. Sisemi kwamba lilimgusa. Lilimtoa kabisa: alimbeba mtoto wake mgongoni, akapita kati ya mabenchi, akatoka nje na hakurudi. Ilikuwa Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni, katika ukumbi tunaoutumia vijana hapa Nyarugusu. Nilikuwa nimefika pale ambapo mtumbwi unaondoka Kongo. Rafiki yangu akapiga ngoma mara tatu kwa nguvu zake zote, na mimi nikapaza sauti mpaka shingo ikauma: "Kongo! Kongo! Kongo!" Vijana waliokaa mbele wakapiga miluzi. Wazee waliokaa pembeni wakatazama chini. Nilidhani wameguswa.

Jioni bibi akaniita. Hakuwepo ukumbini, alikuwa amekataa kuja, lakini si unajua habari za kambi zinavyotembea.

"Wanasema umepiga bunduki mule ndani."

"Ilikuwa ngoma, bibi."

"Na hayo makelele yalikuwa ya nini?"

"Ni pale mnapovuka ziwa."

Akanyamaza kidogo, akaendelea kuchambua maharage. Halafu akasema, "Ziwani hatukupiga kelele, mwanangu. Nani angepiga kelele? Mwenye mtoto alimpa ziwa anyonye asilie. Wanaume walipiga kasia bila wimbo. Wewe umeandika habari za watu wengine."

Makala hii ni habari ya mwaka mmoja nilioutumia kulirekebisha shairi hilo ili lisomwe tena mbele ya watu wale wale. Naiandika kama historia, kwa sababu niligundua kwamba swali la wapi nivute pumzi na wapi nipaze sauti halikuwa swali la jukwaa peke yake. Lilikuwa swali la nini kilitokea.

Kwanza tukio lenyewe, kwa wadogo zangu ambao kama mimi wamezaliwa huku. Mwezi Oktoba 1996 vita ilifika Uvira, kisha ikashuka kusini kuelekea Fizi. Watu wa vijiji vya kando ya ziwa, Mboko, Baraka, Kazimia na kwingineko, walitafuta mitumbwi. Ziwa Tanganyika si mto wa kuvuka ukiwa unaongea na mwenzako. Sehemu zake pana zinafika kilomita 70 hivi, na mtu aliyeondoka usiku hakujua asubuhi itamkuta wapi. Waliofika upande wa Kigoma walipokelewa, na mwaka huo huo kambi hii ya Nyarugusu ikafunguliwa katika wilaya ya Kasulu. Bibi alikuwa kwenye mtumbwi mmoja pamoja na baba yangu na mdogo wake, ambaye ndiye baba yangu mdogo. Mimi sikuwepo, lakini kwenye shairi nimeandika "sisi". Bibi alinikubalia neno hilo. Ila baada ya siku ile ya ngoma nilielewa kwamba kukubaliwa kusema "sisi" ni deni.

Sasa zile kelele nilizitoa wapi? Nilizitoa kwenye simu. Nilikuwa nimetazama video nyingi za vijana wanaosoma mashairi jukwaani, wa Nairobi na wa Marekani, na karibu wote wanafanya kitu kimoja: wanaanza polepole, wanaongeza kasi, na mwisho wanapasuka. Baadaye nilijifunza kwamba mtindo ule una asili yake. Mwaka 1986 huko Chicago, mshairi mmoja aliyewahi kuwa fundi wa ujenzi, Marc Smith, alianzisha mashindano ya mashairi kwenye baa inayoitwa Green Mill. Majaji walichaguliwa kutoka kwa wateja waliokuwa wamekaa hapo, wakatoa alama. Katika mashindano ya namna hiyo muda uliokuja kuzoeleka ni dakika tatu. Hebu fikiria: watu wanakunywa na wanaongea, una dakika tatu, na anayekupa alama ni mtu ambaye dakika tano zilizopita hakuwa na habari na wewe. Lazima umkamate. Sauti inayopanda mpaka juu ilikuwa dawa ya ugonjwa ule. Ukumbi wetu hauna ugonjwa ule. Wazee wetu walikuja wakiwa tayari wamekaa kimya.

Upande wa pili kuna mila yetu wenyewe, ambayo shuleni nilifundishwa vibaya, au niseme nilifundishwa nusu. Sekondari tulihesabu mizani kwa ajili ya mtihani. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, yaani silabi 16: nane upande wa kwanza, halafu kituo kidogo, halafu nane upande wa pili. Utenzi una vipande vya mizani nane nane. Tukahesabu kwa vidole, tukapata alama, tukasahau. Hakuna aliyetuambia kwamba mashairi yale yalikuwa ya kughani, yaani ya kusomwa kwa sauti ya kuimba mbele ya watu. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, una beti zaidi ya 1,000. Fikiria mtu anayeghani beti hizo zote. Hawezi kukaa anajiuliza kwenye kila ubeti avute pumzi wapi. Mizani imeshamwambia.

Nilijaribu hili nikiwa na simu yenye saa. Nikisoma Kiswahili kwa kasi ya jukwaani, si ya sokoni, natoa kama silabi nne kwa sekunde moja. Mshororo wa mizani 16 unachukua sekunde nne hivi. Hiyo ni pumzi moja ya mtu aliyesimama, anayetoa sauti, hata kama moyo unamdunda. Na katikati kuna kituo cha kumeza mate. Kumbe ile hesabu ya mtihani ilikuwa ramani ya mapafu.

Mtu aliyelieleza jambo hili zamani alizaliwa hapa hapa mkoani Kigoma. Sheikh Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji mwaka 1924, na mwaka 1954 alitoa kitabu kuhusu sheria za kutunga mashairi. Alishikilia kwamba shairi ni wimbo, na kwamba lisiloimbika halijafika. Miaka 20 baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi alitoa diwani ya Kichomi, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, na ugomvi mkubwa ukazuka kati ya waliolinda kanuni na waliotaka uhuru. Mimi naandika upande wa Kezilahabi, kama vijana wengi. Lakini kwenye ugomvi ule kuna jambo moja ambalo nililiona niliposimama jukwaani: ukiacha mizani, hujaacha kanuni peke yake, umetupa na ramani ya pumzi. Ni halali kuitupa. Ila lazima uchore nyingine.

Hapa ndipo nilipoanza kazi. Nilichukua kipande hiki cha shairi langu, ambacho ndicho kiliniangusha mara ya kwanza:

Mtumbwi ulikuwa wa watu kumi na wawili
na sisi thelathini na wanne na mbuzi mmoja
na magunia na ndoo na redio ya baba mdogo
iliyokuwa bado inaongea ndani ya gunia

Kwenye karatasi nilijivunia kwamba hakuna nukta. Nilitaka mistari ijazane kama mtumbwi ulivyojaa. Lakini hesabu silabi zake: 16, halafu 16, halafu 18, halafu 18. Jumla ni 68. Kwa kasi ya silabi nne kwa sekunde, hizo ni sekunde 17 bila kuvuta hewa. Nikiwa nimekaa nyumbani naweza. Nikiwa nimesimama mbele ya watu siwezi, maana hofu inapandisha pumzi kifuani, na pumzi ya kifuani ni fupi. Kwenye video ambayo rafiki alinirekodia siku ile nasikika wazi nikiishiwa kati ya "na" na "redio". Nilivuta hewa kwa kishindo, "hhha", halafu "redio" ikatoka imekatika. Hiyo redio ndiyo roho ya kipande kizima. Pumzi yangu ililiua neno nililolihitaji kuliko mengine yote.

Basi nikachukua penseli. Alama zangu ni tatu tu, na yeyote anaweza kuzitumia. Mkwaju mmoja ni pumzi ndogo, ya kunywa kama funda la chai ya moto. Mikwaju miwili ni pumzi kamili. Duara ni kimya, na ndani yake naandika namba ya sekunde. Kipande kikawa hivi:

Mtumbwi ulikuwa wa watu kumi na wawili /
na sisi thelathini na wanne / na mbuzi mmoja //
na magunia na ndoo /
na redio ya baba mdogo //
iliyokuwa bado inaongea / ndani ya gunia

Angalia kwamba sikuongeza neno wala kuondoa. Nilichoongeza ni mahali pa kuishi. Sasa "redio" inaanza na pumzi mpya, kwa hiyo inasikika imenyooka. Na kujazana kwa mtumbwi hakujapotea, kwa sababu ile "na, na, na" bado inasukuma mbele. Msikilizaji anahisi msongamano kwenye maneno. Mimi sihitaji kukosa hewa ndipo yeye ahisi.

Pumzi yenyewe nilijifunza kwa dumu. Ukifanyia mazoezi kitandani, mwili unajua uko kitandani. Nilikuwa nabeba dumu la lita 20 kutoka bombani mpaka nyumbani, nalitua, na hapo hapo kabla moyo haujatulia nasoma kipande kile nikiwa nimeweka mkono tumboni. Mkono ukisukumwa nje wakati wa kuvuta hewa, pumzi imeshuka chini mahali pake. Mabega yakipanda, imekwama juu na haitafika mwisho wa mstari. Vijana ninaofanya nao kazi walinicheka wiki ya kwanza. Wiki ya tatu nao walikuwa wanasoma na madumu yao.

Baada ya pumzi ikaja sauti, na hapo ndipo maneno ya bibi yalipofanya kazi kubwa. Niliandika namba pembeni ya kila mstari, kutoka 1 hadi 5. Mbili ni sauti ya kuongea na mtu aliye karibu yako. Tatu ni ya kuongea na watu sebuleni. Tano ni ya kumwita mtoto aliye bombani. Nilipomaliza kuandika namba za usomaji wangu wa kwanza niliona aibu: 3, 4, 4, 5, 5, 5. Mahali pa sauti kubwa kuliko pote palikuwa katikati ya ziwa, mahali ambapo watu 34 walikuwa wanashika midomo ya watoto.

Nikaenda kwa bibi na daftari, nikamwomba anisimulie sauti peke yake. Sikumwuliza "mlijisikiaje", nilimwuliza "mlisikia nini". Akafikiri. Akasema pwani kulikuwa na kelele, ndiyo, watu wanaitana majina, kila mmoja anatafuta wake. Kelele ilikuwa kabla ya kupanda. Baada ya kusukuma mtumbwi hakuna aliyeongea. Halafu akakumbuka redio. Baba mdogo aliificha kwenye gunia na haikuwa imezimwa, ikawa inatoa muziki chini ya nguo. Bibi mwenyewe aliingiza mkono akaizima. "Baada ya hapo," akasema, "nilisikia maji."

Nilifuta "Kongo" zote tatu. Nikaandika:

Bibi akaingiza mkono /
akaizima (4)
Tukasikia maji.

Na mpango wa sauti ukageuka. Pwani, watu wanapoitana, ni 5, mara moja tu katika shairi lote, tena kwa mstari mmoja. Mtumbwi na mbuzi ni 3. Redio ndani ya gunia inapanda kidogo, 4, kwa sababu redio ile ilikuwa hatari na ilikuwa inapiga muziki hadharani. Mkono wa bibi ni 2. Maji ni 1. Sasa mlima wa shairi uko chini, kwenye shimo. Mtu aliyekuwepo mwaka 1996 akisikiliza, masikio yake yatakutana na kitu anachokijua.

Ila sauti ya 1 ina mtego. Kwanza nilinong'ona. Kijana mmoja alisimama mlango wa nyuma, kazi yake ikiwa kunyoosha mkono kila anapopoteza neno, na mkono wake ulinyooka kwenye mstari mzima. Ukinong'ona kabisa, koo halitetemi, inatoka hewa tupu, na hewa tupu haifiki benchi la tano. Dawa yake si kuongeza sauti. Dawa ni kutumia sauti halisi lakini ndogo, kupunguza kasi, na kutamka herufi kwa ukali zaidi: tu-ka-si-ki-a, ile "k" igonge, ile "s" ichane. Tulirudia mpaka mkono wa mlangoni ukabaki chini.

Bati nalo lina sheria zake. Ukumbi wetu umeezekwa kwa bati na kuta zake zimeishia kati. Ukipiga kelele chini ya bati, sauti inarudi juu yako na maneno yanagongana, watu wanasikia nguvu lakini hawasikii neno. Ndiyo maana mstari wangu wa sauti 5 ulikuwa na majina mafupi ya kuita tu, si sentensi ndefu. Na mvua ikinyesha, sauti ya 1 haipo tena, hata uifanyeje. Nilijiandaa kwa hilo: kama mvua ingeanza, ningesogea mbele mpaka kati ya mabenchi na kusoma kipande kile kwa sauti ya 3, polepole. Maiki tulikuwa nayo, lakini umeme wa jenereta hauna mkataba na mtu, kwa hiyo nilifanya mazoezi bila maiki kwanza. Ukiwa nayo, iweke mbali na mdomo kwa upana wa ngumi moja, na kwenye mstari wa kuita ongeza ngumi ya pili. Ukivuta pumzi geuza uso kidogo, la sivyo ile "hhha" itaenda kwenye spika.

Kimebaki kitu cha tatu, watu. Mara ya kwanza nilipanga nitakachofanya mimi na sikupanga watakachofanya wao. Safari hii nilipitia shairi mstari kwa mstari nikijiuliza: hapa watafanya nini, na mimi nitawapa muda gani?

Kwenye mbuzi watacheka. Kila niliyemsomea alicheka. Kosa la msomaji ni kuogopa kicheko na kukimbilia mstari unaofuata, kwa hiyo "magunia na ndoo" yanazama ndani ya kicheko na watu wanaanza kuulizana amesema nini. Pale niliweka mikwaju miwili. Nasubiri kicheko kipande, kikianza kushuka ndipo naendelea, sisubiri kiishe kabisa maana ukumbi utapoa. Na kicheko kile kina kazi. Mtu aliyecheka ametoa hewa na amelegea, redio inamkuta mlango wazi.

Kwenye kimya cha sekunde nne hatari ni makofi. Watu wetu wana adabu, wakiona umenyamaza wanadhani umemaliza, wanakusaidia. Mara ya kwanza tulipojaribu mbele ya vijana, walipiga makofi kabla maji hayajasikika. Tukachunguza kwa nini. Kumbe nilikuwa nashusha kidevu na kurudi nyuma nusu hatua, na mwili ule ulisema "ahsanteni". Nikabadilisha: baada ya "akaizima" mkono wangu unabaki pale pale ulipo, umeingia kwenye gunia lisiloonekana, macho yako mbele, miguu haisogei. Navuta pumzi moja ndefu na kuitoa, hizo ndizo sekunde nne zenyewe, sihitaji kuhesabu. Mkono ukiwa bado kwenye gunia hakuna anayepiga makofi.

Na mama yule aliyetoka? Nilimfuata kwanza. Sikumwuliza alikumbuka nini. Nilimwambia ngoma haitakuwepo, na kwamba shairi linahusu kuvuka, na kabla ya kusoma nitasema hivyo ili asiyetaka atoke kwa heshima bila kukimbia. Akasema ataona. Hilo nalo ni sehemu ya mpango wa jukwaa. Mshtuko ni rahisi kuutengeneza, bati na ngoma vinatosha. Lakini katika ukumbi ambao nusu yake wameshasikia kitu chenyewe, mshtuko hauwaambii kitu kipya, unawarudisha tu mahali walipotoka kwa shida.

Mwisho wa shairi nilitaka watu waingie. Nilipunguza mistari kutoka 38 hadi 22. Mistari 22 ya mizani kama 16 ni dakika moja na nusu ya maneno. Ukiongeza pumzi, kicheko na kimya inafika mbili na nusu. Kila msomaji alipewa dakika nne, kwa hiyo nilibaki na dakika nzima na zaidi kwa ajili yao. Mstari wa mwisho ni swali: "Na wewe, ulipandia wapi?" Nilijua swali likitupwa hewani tu watu wanaona haya. Kwa hiyo najibu kwanza mwenyewe, kwa sauti ya 2: "Bibi yangu, Mboko." Halafu nanyamaza, na macho yanatembea benchi kwa benchi.

Siku yenyewe mvua haikunyesha. Nilitoa lile tangazo, hakuna aliyetoka. Mama yule alikuwa amekaa karibu na mlango. Mbuzi alichekesha kama ilivyopangwa. Kwenye kimya nikasikia kitu ambacho sikukipanga, watoto walinyamaza wenyewe, na kwa mbali mtu anapasua kuni. "Tukasikia maji" ilifika mlangoni, kijana wangu hakunyoosha mkono.

Nilipouliza ulipandia wapi na kutaja Mboko, kwanza hapakuwa na jibu. Sekunde tano ni ndefu sana ukiwa umesimama peke yako, na nilikaribia kuharibu kwa kuuliza tena. Halafu mzee mmoja, bila kusimama, akasema, "Baraka." Mwingine, "Kazimia." Kisha wakafuatana, majina ya vijiji, mengine mara mbili tatu, kwa sauti ya kawaida kabisa kama watu wanaohesabiwa. Nilikuwa nimepanga kwa ajili ya Wakongo wa 1996 tu. Nilisahau kwamba nusu ya benchi la nyuma walikuwa Warundi. Dada mmoja akasema, "Kagunga." Ukumbi ukageuka kumtazama. Kagunga ni kijiji cha Tanzania kando ya ziwa hili hili, karibu na mpaka, ambako mwezi Mei 2015 maelfu kwa maelfu ya Warundi walikwama ufukweni, kipindupindu kikawakuta pale, na meli ya MV Liemba ikawa inawachukua kwa zamu kuwaleta Kigoma. Mimi nilikuwa nimeuliza ulipandia wapi nikiwaza mtumbwi. Yeye alijibu kwa meli, na jibu lake lilikuwa sahihi.

Nilifunga kwa kushusha mkono na kusema ahsante kwa sauti ile ile ya 2. Sikupandisha. Kama ningepandisha ningewanyang'anya.

Bibi alikuja safari hii. Alikaa mwisho kabisa, karibu na ukuta. Tukiwa njiani kurudi nyumbani nilimwuliza kama sasa nimeandika habari za watu wetu. Akatembea kidogo bila kujibu.

"Mbuzi walikuwa wawili," akasema.

Usiku nikafungua daftari. Na mbuzi wawili. Nikahesabu kwa vidole kama shuleni. Mmoja ni silabi tatu, wawili ni silabi tatu. Mizani 16 haijaguswa, pumzi iko pale pale. Nikafuta, nikaandika wawili.